Maswali na Majibu: Tafsiri Isiyoenea Kwenye Sekunde Zake

Simulizi ninayofasiri kutoka Kiingereza kwa video ya kunawa mikono inazidi muda wa picha karibu kila mstari. Kwa nini Kiswahili ni kirefu hivi? (Mfasiri, Dodoma)

Swali hili huja kila mwezi, na kila mwezi nauliza: umepima nini? Ukihesabu maneno utadanganyika. "Nitakupeleka" ni neno moja, lakini lina silabi 6, na kinachokula sekunde ni silabi. Kuzihesabu si kazi: kila irabu ni silabi, kisha ongeza ile m au n inayosimama peke yake kama kwenye "mtoto" na "nchi". Kwa usomaji wa kutulia hukadiria silabi 5 kwa sekunde, na 6 kwa msimulizi mwepesi. Mpime wa kwako kwa dakika moja kabla hujafasiri chochote.

Sasa mstari wako wa sekunde 4: "Ni muhimu kuhakikisha kwamba unaosha mikono yako kwa kutumia maji safi na sabuni kabla ya kumshika mtoto wako." Silabi 45, yaani si chini ya sekunde 7 na nusu hata kwa mwepesi. Urefu huo si wa Kiswahili, ni wa semina. "Ni muhimu kuhakikisha kwamba" ni silabi 11, na sijamsikia muuguzi akimwambia mzazi hivyo. Humwambia "nawa", basi. "Unaosha mikono yako kwa kutumia" ni silabi 14, na "nawa kwa" ni 3. "Wako" nayo iondoke, mtoto mwenyewe yuko mapajani mwa mama kwenye picha. Unabaki na: "Nawa kwa maji safi na sabuni kabla ya kumshika mtoto." Silabi 21. Kwa mwepesi ni sekunde 3 na nusu, na nusu inayobaki ni ya pumzi kabla picha haijabadilika.

Mikono imekwenda wapi? Imo ndani ya "nawa", tena inaonekana ikipakwa sabuni. Lingekuwa tangazo la redio, ningeirudisha.

Mteja anairudisha tafsiri kwenye Kiingereza, halafu analalamika kwamba nimeruka maneno. (Mombasa)

Mimi niliwahi kuandikishwa upya skripti nzima kwa sababu ya "yako" tatu. Tangu hapo, kando ya kila mstari naweka safu ya maelezo: "mikono: ipo kwenye picha". Malalamiko huisha hapo, na wewe mwenyewe unalazimika kueleza kila ulichokata.

Maana kuna visivyokatwa, na wapo wanaovikata. Mstari wa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha unasema maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kuna aliyenitumia "sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko" akifurahia silabi alizookoa. Mama akichukua kijiko cha mezani, chumvi inazidi na mtoto anadhurika. Tafuta silabi kwingine: "mtoto ambaye anaharisha" iwe "mtoto anayeharisha", "kufanya usafi" iwe "kusafisha", "toa msaada kwa" iwe "saidia". Vipimo, "kabla", "baada" na ukanushi usiviguse.

Si msimulizi aharakishe tu?

"Umpe" na "usimpe" vinatofautiana kwa silabi moja. Ukiikimbiza hiyo, umeagiza kinyume.

Mwaka 1998 unanimalizia muda wote. (Arusha)

Hapa nakuonea huruma. "Elfu moja mia tisa tisini na nane" ni silabi 14. Kiingereza kinaumaliza kwa 5. Kama tarakimu zimeandikwa kwenye picha, msimulizi aseme "mwaka huo". Kama hazipo, "mwaka tisini na nane" inaeleweka, ila usiifanyie hivyo miaka ya karne nyingine.

Nikigeuza mpangilio wa sentensi itafupika?

Hesabu uone: "Kabla ya kumshika mtoto, nawa kwa maji safi na sabuni" ni zile zile 21. Ulichobadilisha ni kwamba sasa msimulizi anataja mtoto wakati picha inaonyesha sabuni. Geuza pale tu picha inapodai. Kiingereza kikianza na mtoto na picha ikaanza na mtoto, nawe anza naye.

Je, picha zenyewe haziwezi kungoja?

Zinaweza, na ajabu ni kwamba wafasiri huuliza wakiwa tayari studio. Mchoro au picha iliyotulia inaweza kushikiliwa sekunde moja zaidi bila mtu kugundua. Mtu anayesema akitazama kamera haiwezekani, midomo itamsaliti. Muulize mhariri wa video siku unapopokea skripti, mstari kwa mstari, ni ipi inayoweza kushikiliwa. Msimulizi akishalipwa na kuondoka, kila sekunde ni ugomvi.