Panga ujinga, usiandike mshangao

Kipindi chetu cha kwanza cha podikasti, mimi na mwenzangu tulikiandika neno kwa neno. Mada ilikuwa karafuu za Zanzibar. Taarifa zilikuwa sawa, lakini tulipokisikiliza tulikunja uso wote wawili tulipofika hapa:

"Je, unafahamu kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja?"

"Lo! Sikufahamu hilo. Na Pemba je?"

Ile "Lo!" ilichelewa. Mtu akishangaa kweli humdakia mwenzake neno la mwisho mdomoni. Anayesoma mshangao husubiri sentensi iishe, hushusha macho kwenye karatasi, ndipo anashangaa. Hako kanafasi ni kadogo sana, lakini msikilizaji anakasikia hata kama hawezi kukutajia ni kitu gani kimemkera. Halafu, nani humwambia rafiki yake "je, unafahamu kwamba"? Mkono huandika "ninafikiri" na "hivyo basi", mdomo husema "nafikiri" na "kwa hiyo".

Tulikirekodi upya, safari hii kila mtu na karatasi yake. Kilichofanana kwenye karatasi hizo ni vichwa vya hoja na mpangilio wake tu. Kwangu kulikuwa na historia: kimbunga cha Aprili 1872, mikarafuu ya Unguja ikaangamia kwa sehemu kubwa, ya Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Kwake kulikuwa na kazi ya shambani, maana bibi yake ana mikarafuu Pemba: karafuu ni tumba la ua linalochumwa kabla halijachanua, vishada vinachambuliwa kutoa makonyo, kisha karafuu zinaanikwa juani. Kwenye hoja ya kwanza, karatasi yake ilisema hivi tu: "Muulize kwa nini Pemba, kisiwa kidogo, iipite Unguja." Jibu hakuwa nalo. Nilipotaja kimbunga alinikatiza, "Ngoja, kwa hiyo ni upepo tu?" Hilo hakuna aliyeliandika, na ndilo watu walilolikumbuka.

Vitu vichache tunaviandika kwa ukamilifu: sentensi ya kufungulia, miaka na majina, sentensi ya mwisho, na vivuko. Kivuko ni ile sentensi inayokutoa hoja moja kwenda nyingine, na hapo ndipo wengi wanaoanza huanguka. Ukisema "sasa tuzungumzie uchumaji" umeshageuka katibu wa kikao. Kifunge kivuko kwenye jambo ambalo una hakika litakuwa limetajwa. Pemba lazima itajwe, basi changu kilikuwa: "Na wewe kwa bibi ndiko huko, hebu niambie, mtu anapanda juu ya ule mti kuchuma nini hasa?" Andika na cha pili cha akiba, kwa siku ambayo utani utawapeleka mbali hadi kwenye pilau na bei ya viungo sokoni: "Lakini kabla haijafika kwenye hilo sufuria, inatoka wapi?" Utani wenyewe usiufanyie mazoezi hata mara moja. Ukishachekwa mezani, mbele ya maiki unakuwa umekufa.

Hoja zisipotee: anayesikiliza ndiye mwenye kalamu. Mimi nikizungumza yeye ananiwekea tiki, nami namfanyia hivyo hivyo. Nikiruka jambo ananionyesha kidole kwa namba ya hoja, mkono hewani. Usigonge meza, na karatasi uichapishe upande mmoja tu, maana maiki hunasa kila ukurasa unaogeuzwa. Sisi kwa dakika 25 tunabeba hoja tano. Tulipojaribu tisa tulirudi kusoma.

Njia hii ina hatari yake. Mwenzako asiyejua jibu hawezi kukusahihisha ukikosea mwaka, naye atashangaa kwa dhati kabisa juu ya kosa lako. Kwa hiyo anayehariri huziona karatasi zote mbili na kuzihakiki kabla ya siku ya kurekodi. Na kila sauti irekodiwe kwenye faili lake, kwa sababu mkianza kudakiana kweli mtapishana maneno, na maneno yaliyopishana kwenye faili moja hayatenganishwi kirahisi.

Tukimaliza tunabaki pale pale vitini, hatusogezi maiki, tunahesabu tiki. Hoja iliyorukwa inaulizwa upya, na anayejibu anaanza na maneno mawili matatu ya mwisho ya swali ili mhariri apate pa kushonea. Mara moja tuliliruka hilo. Makonyo yalisahaulika, tukayarekodi siku ya pili yake, mvua ikipiga kwenye mabati. Ukisikiliza kipindi kile, kiangazi cha kuanika karafuu kinakatizwa na masika ya sekunde 40.