Orodha ya hashtegi "safi" haina kazi

"Nauza singo na udi hapa Ngamiani, Tanga. Video zangu TikTok zilikuwa zinatazamwa mara 2,000, sasa hazifiki 100. Kijana mmoja anasema hashtegi zangu zimefungwa, ananiuzia orodha ya hashtegi safi 100 kwa shilingi 15,000. Ninunue?"

Usinunue, dada. Hashtegi hufungwa na kufunguliwa. Julai 2015 Instagram waliifunga #curvy, neno lisilo na ubaya, kwa sababu watu waliijaza picha za utupu, na baadaye wakairudisha. Orodha ya mwezi uliopita inakwambia hali ya mwezi uliopita, basi.

Nimezipima hashtegi zako saba. Unaiandika moja kwenye sehemu ya kutafutia, unaigusa, unaangalia. Sita zilifungua ukurasa wenye video za wiki hii. Moja, ile ya Kiingereza yenye neno la mwili, ilileta onyo la kanuni badala ya video. Hiyo ndiyo iliyofungwa. (Ukiona haina kitu lakini onyo hamna, kwanza angalia kama hukukosea herufi.) Kwa upande wa Instagram, ukurasa unaweza kufunguka huku machapisho mapya yamefichwa, kwa hiyo soma maandishi ya juu kabla hujaridhika.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo mnapoibiwa. Video zako tatu za karibuni hazina ile hashtegi, na bado zimeanguka. Kwa hiyo si yenyewe iliyokuangusha. Fungua takwimu za video moja uone watazamaji wametoka wapi. Kama For You imekauka kwenye video zote, ingia kwenye arifa na kwenye ukaguzi wa akaunti. Yako inaonyesha video ya bibi harusi akisuguliwa mgongo imezuiwa kupendekezwa. Walichokikataa ni picha, na hakuna hashtegi itakayoifunika. Kata rufaa palepale kwenye arifa, na video zijazo onyesha singo ikipakwa mkononi.

Ile hashtegi moja iondoe. Usiiandike kwa tarakimu katikati ya herufi, maana hakuna mteja anayetafuta hivyo. Andika kwenye maelezo maneno anayoyaandika mteja mwenyewe, "singo ya bibi harusi Tanga", uyatamke kwenye video na uyaweke juu ya picha. Halafu hashtegi tatu zinatosha: #singo #bibiharusi #tanga.

Na huyo kijana, akishindwa kukuuzia orodha, atakuja na "kufungua akaunti" na kuomba nenosiri au namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako. Wapo wengi wa namna hiyo, kuanzia barabara ya kumi na mbili mpaka Raskazone. Ukimpa ile namba, kesho ukurasa unauza simu za mtumba kwa jina lako.