Vitanzi Vitatu na Sekunde Zilizopotea: Kuzidisha Matriksi Kubwa kwa Mpangilio Ufaao

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kukadiria namna abiria wa Nairobi wanavyobadilisha magari. Tuliligawa jiji katika vituo, kisha tukaunda matriksi ambayo kila safu mlalo yake ilikuwa kituo cha kuanzia na kila safu wima kituo cha kufikia, na ndani yake uwezekano wa abiria kutoka hapa kwenda pale. Ukiizidisha matriksi hiyo kwa yenyewe, unapata uwezekano wa safari ya magari mawili. Mimi ndiye niliyependekeza vituo viwe 2,048, kwa imani ya kitoto kwamba kompyuta hupenda vipeo vya mbili. Nitarudi kwenye imani hiyo, kwa kuwa iliniadhibu.

Niliandika programu kwa lugha ya C, nikaifuata fasili ya darasani neno kwa neno:

```c
for (int i = 0; i < N; i++)
  for (int j = 0; j < N; j++) {
    double s = 0;
    for (int k = 0; k < N; k++)
      s += A[i*N + k] * B[k*N + j];
    C[i*N + j] = s;
  }
```

Nilipoijaribu kwa N ya 100, ilimaliza kwa takriban milisekunde moja. Kazi ya vitanzi hivi hukua kwa mchemraba wa N, kwa hiyo nilipiga hesabu kwamba 2,048 ingechukua mara 8,590 ya muda huo, yaani sekunde nane au tisa. Kwenye kipakatalishi changu cha mtumba, nilichokinunua katika Barabara ya Luthuli, ilichukua zaidi ya dakika moja. Kijana tuliyekuwa tukishiriki meza alinyoosha shingo akauliza, "Mkubwa, hiyo mashine imekwama?" Haikuwa imekwama. Feni ilivuma na prosesa ilionekana kushughulika kwa asilimia 100, ingawa sehemu kubwa ya shughuli hiyo ilikuwa kungoja.

Ili kuelewa ilichokuwa ikingoja, tuanze na namna matriksi inavyokaa kwenye kumbukumbu. C huhifadhi safu mlalo moja nzima, kisha inayofuata, zikiwa zimeungana kama mabehewa. Namba moja ya aina ya `double` huchukua baiti 8, kwa hiyo safu mlalo ya namba 2,048 ni baiti 16,384, na matriksi nzima ni megabaiti 32. Prosesa nayo haichukui namba moja moja kutoka kumbukumbu kuu. Huchukua fungu la baiti 64, yaani namba nane zilizopakana, na kuliweka kwenye kache, yaani kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa. Ni kama mwenye duka la jumla asiyekuuzia pakiti moja ya unga ila beli nzima: ukipika yote umepata faida, lakini ukitumia pakiti moja na kutupa zilizobaki, umebeba mzigo bure.

Sasa kitazame kitanzi cha ndani kabisa. Kwa upande wa A, k inapoongezeka tunasogea namba moja kulia, na kila fungu linalokuja linatumika lote. Kwa upande wa B, k inapoongezeka tunaruka safu mlalo nzima, yaani baiti 16,384, tunachukua fungu la baiti 64, tunatumia 8 na kuruka tena. Kushuka safu wima moja tu ya B kunahitaji mafungu 2,048, ambayo ni kilobaiti 128, ilhali kache ya kwanza ya mashine yangu ina kilobaiti 32. Tunapoanza safu wima inayofuata, ambayo namba zake zilikuwemo kwenye mafungu yaleyale, mafungu hayo yameshafukuzwa na wenzao, na safari inaanza upya. Hii ndiyo sababu jaribio la N ya 100 lilinidanganya: matriksi ya kilobaiti 80 ilipata pa kukaa katika kache za karibu, na gharama ya kuruka haikuonekana.

Dawa yake ni kuhamisha mstari mmoja. Kitanzi cha k kiende katikati na cha j kiwe cha ndani:

```c
for (int i = 0; i < N; i++)
  for (int k = 0; k < N; k++) {
    double a = A[i*N + k];
    for (int j = 0; j < N; j++)
      C[i*N + j] += a * B[k*N + j];
  }
```

Idadi ya kuzidisha na kujumlisha ni ileile, lakini kitanzi cha ndani sasa kinashika namba moja ya A, kinatembea kwenye safu mlalo ya B kutoka kushoto kwenda kulia, na kinaongeza kwenye safu mlalo ya C kwa mwendo huohuo. Kila fungu linatumika lote. Isitoshe, prosesa hutambua mwendo wa mfululizo na kuanza kuleta mafungu ya mbele kabla hayajaombwa. Kwangu muda ulishuka hadi sekunde sita hivi, bila kuongeza hata shilingi moja ya vifaa.

Kuna faida ya pili ambayo niliigundua baadaye. Katika mpangilio wa kwanza, kila jumlisho linasubiri lililotangulia, kwa kuwa yote yanaingia katika `s` moja, na kompaila hairuhusiwi kubadili mfuatano wa kujumlisha namba za desimali bila ruhusa yako, maana matokeo yangetofautiana kidogo. Katika mpangilio wa pili, kila j ina chumba chake katika C, kwa hiyo kompaila inaweza kushughulikia j kadhaa kwa amri moja. Na matokeo hayaharibiki: kila chumba cha C bado kinajumlishwa kwa mfuatano uleule wa k, kuanzia 0 hadi mwisho.

Jihadhari hapa, kwa sababu nilijikwaa. Mpangilio wa pili unaongeza juu ya kilichomo katika C, kwa hiyo ni lazima C iwe sufuri kabla ya kuanza. Mara ya kwanza nilitumia `calloc`, inayotoa kumbukumbu iliyojazwa sufuri, na mambo yakaenda sawa. Kisha nikataka safari ya magari matatu, nikanakili jibu la kwanza pembeni na kuzidisha tena ndani ya C ileile bila kuifuta. Kilichoniokoa ni asili ya data yenyewe: uwezekano wote wa kutoka kituo kimoja lazima ujumlike kuwa 1, na safu zangu zilikuwa zikijumlika kuwa 2. Jibu la zamani lilikuwa limekaa chini ya jipya. Laiti matriksi ingekuwa ya namba za kawaida, nisingejua hadi leo. Weka `memset` mwanzoni mwa kazi hiyo, na usimwachie anayeiita jukumu hilo.

Nirudi kwenye 2,048. Kache ya kwanza ya prosesa yangu imegawanywa katika vikundi 64, kila kimoja kikiwa na nafasi nane za mafungu, na kikundi ambacho fungu litaingia huamuliwa na anwani yake: anwani mbili zilizotofautiana kwa kizidishio cha baiti 4,096 huangukia kikundi kimoja. Mruko wetu wa baiti 16,384 ni 4,096 mara nne kamili. Maana yake ni kwamba safu wima nzima ya B, mafungu yote 2,048, ilikuwa ikigombania nafasi nane huku vikundi vingine vyote vikiwa havina msaada kwake. Nilijaribu kuziacha namba 2,048 zilivyo lakini kuipa kila safu mlalo nafasi ya 2,056 kwenye kumbukumbu. Mruko ukawa baiti 16,448, yaani baiti 64 zaidi, na kila safu mlalo ikahamia kikundi cha jirani. Mpangilio wa kwanza ulipata nafuu kubwa kwa nyongeza hiyo, ijapokuwa haukuukaribia wa pili, kwa kuwa kilobaiti 128 bado haziingii katika 32. Ukiona programu yako inazidi kuwa polepole kwa ghafla kwenye 1,024 au 2,048 kuliko kwenye ukubwa wa jirani, shuku jambo hili kwanza.

Usitegemee kubahatisha. Kwenye Linux, amri hii huhesabu ni mara ngapi namba ilitafutwa katika kache ya kwanza na kukosekana:

```
perf stat -e L1-dcache-loads,L1-dcache-load-misses ./zidisha
```

Katika mpangilio wa kwanza utarajie kukosa karibu mara moja kwa kila mzunguko wa ndani, yaani mara bilioni 8 na ushei. Ukiikodi mashine ya mbali, huenda ukaambiwa `<not supported>`, kwa sababu vihesabio vya prosesa havifikiwi na baadhi ya mashine za kukodi. Hapo tumia saa, ukilinganisha ukubwa mbalimbali wa N. Chapisha pia chumba kimoja cha C mwishoni, la sivyo kompaila inaweza kuona kwamba jibu halitumiki na kuifuta kazi yote, ukafurahia kasi isiyokuwepo. Na ukitumia kompaila ya `gcc` toleo la 8 au zaidi kwa kiwango cha uboreshaji cha `-O3`, inaweza kukubadilishia mpangilio wa vitanzi yenyewe, kwa hiyo fanya ulinganisho wako kwa `-O2`.

Kanuni hii imefungwa kwenye namna lugha inavyohifadhi matriksi, wala si kwenye herufi i, k na j. Fortran huhifadhi safu wima kwa safu wima, na huko kitanzi cha ndani kinachofaa ni cha i. Anayenakili mpangilio wangu kama ulivyo ataumia. Wanaojaribu kwa orodha za kawaida za Python nao huniandikia kwamba hawaoni tofauti kubwa. Ni kweli, kwa sababu orodha hiyo haina namba zilizopangana bali ina anwani za namba, na gharama ya Python kutafsiri kila hatua huimeza ile ya kache.

Hata mpangilio wa pili una ukomo. Kwa kila i tunaipitia B yote, megabaiti 32, na tunafanya hivyo mara 2,048, ambayo ni gigabaiti 64 za kupita. Hatua inayofuata ni kuzikata matriksi katika vipande vya 32 kwa 32: kipande kimoja ni kilobaiti 8, na vipande vitatu, cha A, cha B na cha C, vinaenea pamoja katika kilobaiti 32 vikatumiwa mara nyingi kabla ya kuondoka. Kwa kazi ya mteja mimi sikufika huko. Nilipokwisha kuelewa kilichokuwa kikinichelewesha, niliunganisha programu na maktaba ya OpenBLAS, nikaita `cblas_dgemm` yake inayozidisha matriksi, na vitanzi vyangu nikavibakiza kwenye faili la majaribio pekee, ambako hadi leo ninavitumia kukagua kama safu zinajumlika kuwa 1.