Mafuta ya mwarubaini: bustanini sawa, mwilini kwa kiasi, mtoto asinyweshwe

"Asalaam alaykum. Nimeletewa chupa ya mafuta ya mwarubaini. Pilipili na tungule zangu zimejaa vidudu vya kijani chini ya majani, na mwanangu wa miaka mitatu ana upele unaomuwasha usiku. Bibi anasema nimpe kijiko kimoja anywe asafishe damu. Niko Wete. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam dada. La kijiko kwanza: usimpe, hata nusu yake. Mafuta haya hukamuliwa kwenye kokwa, na nguvu ya kokwa si ya jani. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga 13 walionyweshwa mafuta haya kama dawa. Walitapika, wakalegea kwa usingizi usio wa kawaida, na ubongo ukaathirika, yote ndani ya saa chache. Kwa hiyo mtoto akiwahi kuyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukangoja kuona itakuwaje. Mchukue hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Bibi mjibu kwa adabu. Wazee niliowakuta mimi hapa Pemba walikuwa wakichemsha majani, na hayo kwa mtu mzima. Haya ya chupa ni kitu kingine. Hata hayo majani asiyanywe mja mzito wala anayetafuta mimba. Mwenye kisukari anayetumia dawa naye ajihadhari, kwani majani hushusha sukari na pamoja na dawa inaweza kushuka kupita kiasi. Na homa ipimwe malaria, usiizungushe kwa maji machungu.

Sasa upele. Ukiwasha zaidi usiku, tena katikati ya vidole, viganjani na kiunoni, na wengine nyumbani wanajikuna, huo huenda ni ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi. Mwonyeshe kituo cha afya. Akithibitishiwa ndio huo, dawa wanayokupa pakeni nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, na nguo na mashuka myafue kwa maji ya moto. Watu wengi humpaka mtoto peke yake, kisha wanalalamika dawa haifai. Mwarubaini hapo ni wa kupunguza muwasho tu: chemsha konzi mbili za majani, acha yapoe, chuja, umwogeshe, yasimwingie machoni wala mdomoni. Mafuta yenyewe mimi simpaki mtoto wa umri huo. Mtu mzima nayachanganya kijiko kimoja cha chai kwa vijiko tisa vya mafuta ya nazi, kwanza napaka kidogo ndani ya kiwiko na kungoja mpaka kesho yake. Pakiwa pekundu au pakitoka malengelenge, basi tena. Kwenye kidonda kilicho wazi usiyapake.

Bustanini ndiko chupa yako itakakofanya kazi. Kwanza inuse. Mafuta halisi ni ya kahawia na yananuka kama kitunguu thomu kilichooza. Yakiwa meupe yasiyo na harufu, ile nguvu inayozuia wadudu huenda ilishaondolewa. Chukua lita moja ya maji ya vuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ukoroge, ndipo umimine mafuta kijiko kimoja cha chai polepole huku ukitikisa. Yanatakiwa yawe kama maziwa. Ukiona matone ya njano yanaelea juu, hayajachanganyika, na ukipuliza hivyo yataunguza majani. Ongeza sabuni tone moja moja mpaka yachanganyike.

Jaribu jani moja kwanza, na siku ya pili kama halikubabuka puliza mmea mzima. Puliza jua likizama, kwa sababu jua huivunja dawa haraka, na nyuki wameshaondoka. Elekeza chini ya majani, maana vidudu wanakaa huko. Bakaa usiiweke, dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji haidumu.

Kesho yake utawakuta wadudu wapo na utadhani umedanganywa. Dawa hii haiui papo hapo kama ya dukani. Huwakatisha hamu ya kula, na wachanga wao wanashindwa kujivua ngozi ili wakue. Tazama majani machanga yanayochipuka: yakitoka bila kujikunja, umeshinda. Rudia baada ya siku tano hadi saba, na mvua ikinyesha baada ya kupuliza rudia mapema. Sisimizi wakiwa wanapanda shina, washughulikie nao, kwani wanawalinda vidudu hivyo kwa ajili ya maji matamu wanayotoa. Tungule na pilipili zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Chupa usiiweke jikoni karibu na mafuta ya kupikia, wala usiyamimine kwenye chupa ya soda.