Bechi moja ikirudishwa, utajua ilikokwenda?

"Wakuu, nina duka la jumla la dawa, natumia Excel na kitabu cha ankara. Juzi msambazaji kanipigia akasema bechi moja ya dawa ya maji ya watoto irudishwe. Ya stoo nimeitoa, ila niliyokwisha kuuza sijui iko kwa nani. Nyie mnafuatiliaje?"

Mkuu, hapo ulipokwama ndipo nilipokwama mimi nikiwa mtunza stoo wa duka la jumla Mwanza. Tulikuwa tumepokea mizigo miwili ya dawa moja ya unga wa kutia maji ndani ya wiki tatu, kila mzigo katoni 10 za chupa 48, bechi mbili tofauti. Ubaya ukaonekana kwenye bechi ya kwanza: unga umeganda ndani ya chupa, ukitia maji hauchanganyiki. Kwenye hati ya kupokelea mzigo bechi tuliiandika vizuri kabisa. Kwenye ankara za wateja tuliandika jina la dawa, idadi na bei, basi. Kwa hiyo ilibidi tuwapigie wote 36 walionunua dawa hiyo tangu mzigo wa kwanza uingie, kila mmoja akaangalie rafu yake. Siku mbili nzima simuni. Mwishowe ikajulikana bechi yenyewe ilikuwa kwa watu 14 tu.

Uzi hukatika pale mzigo unapobadilisha mikono. Wengi hujitahidi wakati wa kupokea, halafu wakati wa kutoa wanaandika kwa haraka kwa sababu mteja kasimama kaunta. Sisi tulichobadilisha ni kimoja: ankara ikawa na safu ya bechi na ya tarehe ya kuisha muda, na mteja akichukua chupa 20 ambazo 12 ni za bechi hii na 8 za ile, hiyo ni mistari miwili, si mmoja. Vijana wa kaunta walinuna mwezi wa kwanza. Namba inasomwa kwenye chupa au kiboksi chake, si kwenye katoni, maana katoni iliyokwisha kufunguliwa hujazwa mabaki ya mzigo mwingine. Na bechi mbili hazikai rundo moja. Inayoisha muda mapema ndiyo inakaa mbele na ndiyo inatoka kwanza.

Vidonge vya kopo la 1000 vinavyohesabiwa kwenye bahasha ni balaa jingine. Kopo likitupwa, namba imekwenda nalo. Andika bechi kwenye kila bahasha, hata kwa kalamu.

Sasa Excel yako. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima ya bechi uiweke `Text`. Usipofanya hivyo, bechi `0047` itabaki `47`, na bechi `12E05` Excel itaidhani ni hesabu na kukuonyesha `1.20E+06`. Ukija kuitafuta siku ya dharura, haipo. Kuigeuza safu baadaye hakurudishi kilichopotea. Utarudi kwenye makaratasi. Angalia pia herufi O na sifuri. Sisi mtu anayeandika si yuleyule anayehakiki.

Mara ya pili ilipotokea, dawa nyingine, tulichuja safu ya bechi na orodha ikatoka: chupa 480 zilizoingia, 132 ziko stoo, 348 zimetoka, na wateja kwenye ankara ni 9. Kwanza tulihamisha zile 132 kwenye kona iliyofungiwa, na karatasi juu yake "HAZIUZWI", kwa sababu nimeshaona mtu anapiga simu kwa wateja huku mwenzake kaunta anauza bechi ileile. Kisha simu 9, na kila simu iliandikwa saa, jina la aliyepokea na idadi aliyosema anayo. Mteja anayeuza kwa maduka madogo aliulizwa na yeye kauzia nani. Asubuhi moja ikatosha.

Kazi haikuishia kwenye simu. Chupa zilizorudi zilihesabiwa kwa bechi (wapo waliorudisha na za bechi isiyo na tatizo, wakitafuta pa kutua mzigo usiotembea) nazo zikaenda kona ileile kusubiri maelekezo ya msambazaji na TMDA. Zilirudi 271. Wateja wakasema 70 zimeshauzwa kwa wagonjwa. Jumla 341, pungufu 7. Tulipochimba, 4 alipewa mteja mmoja kufidia zilizovunjika njiani, bila karatasi yoyote. Zile 3 hatukuzipata, na kwenye ripoti tuliandika hivyohivyo: 3 hazijulikani zilipo. Tangu siku hiyo hata chupa ya kufidia ina ankara yake, bei sifuri, bechi imeandikwa.