Jinzi ngumu, jinzi ya mpira na ile iliyofuliwa kiwandani: rangi inaondokaje na ufueje

*"Wakuu, nimenunua jinzi mbili za mtumba. Moja bluu iliyokolea, ngumu, haina mpira hata kidogo. Kila nikiifua maji yanakuwa bluu, na sasa imetoka mistari myeupe mapajani. Ya pili ina mpira, imelegea magotini na ina mawimbi. Nimeshaweka chumvi na siki, wapi. Nifanyeje zisiendelee kupauka?"*

Mkuu, chumvi na siki zirudishe jikoni. Chumvi ina kazi yake mtu anapotia nguo rangi inayoyeyuka majini, inaisukuma rangi iingie kwenye pamba. Rangi ya jinzi ni nili, na nili haiyeyuki majini wala haijashikana na pamba kikemia, kwa hiyo hakuna kitu cha chumvi kukaza. Mimi nafua na kurekebisha jinzi za mtumba kabla hazijapangwa mezani kwa wauzaji, na hili la chumvi naliulizwa na karibu kila mteja.

Fanya jaribio dogo. Kwenye pindo la ile ngumu tafuta uzi wa bluu uliochomoza, uvute, ukate kipande cha urefu wa kidole. Kisha uzungushe kinyume cha msokoto wake hadi ufumuke. Nje utaona bluu, katikati utaona pamba nyeupe kabisa. Hapo ndipo habari yote ya kupauka ilipo.

Kiwandani nili hutiwa dawa inayoifanya iyeyuke kwa muda, na dimbwi lake huwa la njano-kijani, si la bluu. Uzi unatumbukizwa humo kwa muda mfupi, unatolewa hewani, na hewa ndiyo inayougeuza bluu mbele ya macho yako. Kisha unarudishwa tena, unatoka tena, mara kadhaa, kila mzamo ukiongeza tabaka jembamba juu ya lililotangulia. Rangi haipati nafasi ya kufika kwenye kiini, inakaa juu juu kama chokaa iliyopakwa ukutani. Ukisugua, inabanduka. Ukibandua vya kutosha, weupe unatokeza. Zaidi ya hapo, zinazotiwa rangi ni nyuzi za urefu tu, zile za upana zinabaki nyeupe, ndiyo maana jinzi ndani ni nyeupe-nyeupe.

Sasa hayo maji ya bluu. Kufua mara za mwanzo lazima yatoke, kwa sababu kuna nili nyingi iliyokaa juu bila kushika vizuri. Kadiri unavyoendelea kufua yanapungua. Hayo yasikuumize kichwa. Kinachoharibu ni msuguano, na hasa msuguano juu ya mkunjo. Denimu ngumu ikilowa inakuwa ngumu zaidi. Ukiifinyanga kwenye beseni, ukaisugua kwa brashi na kuikamua kwa kuisokota, inakunjika na kila mgongo wa mkunjo ndio unaopata kipigo chote. Mabonde hayaguswi. Ikikauka unaona mistari myeupe imekimbia kwenye paja, mingine ikiwa imepinda ovyo. Mashine ikijazwa nguo nyingi na maji kidogo inafanya vilevile. Jinsi ya kutambua: mistari ya kuvaa inakaa mahali mwili unapokunjika, yaani kwenye nyonga, nyuma ya goti, na mfukoni penye simu. Mistari ya kufua haifuati mwili, inakata paja kwa urefu au inapita pembeni mahali ambapo hukunji kamwe. Kwa ulivyoeleza, yako naona ni ya kufua. Na ikishatoka hairudi, unaweza tu kuzuia isiongezeke.

Ile ngumu ifue hivi. Funga vifungo na zipu, igeuze ndani nje. Weka maji baridi kwenye beseni kubwa au karai, mengi kiasi cha kuizamisha bila kuifinya. Sabuni ya maji kidogo, ikoroge kwanza kabla nguo haijaingia. Ilaze imenyooka, ikunje mara moja tu kwenye magoti kama beseni ni fupi, uiache nusu saa hivi. Halafu ibonyeze kwa viganja, ibonyeze tena, usisugue. Pachafu sana, kama pindo lililoburuta chini, pasugue hapo peke yake kwa vidole. Sabuni ya mche usiipitishe moja kwa moja kwenye paja, inaacha njia nyeupe. Suuza mpaka povu liishe, inyanyue kwa kiuno, acha maji yachuruzike, uitundike hivyohivyo kivulini. Jua la saa saba linapausha nili peke yake hata usiposugua. Ifue peke yake au na nguo nyeusi, maana ile nili inayobanduka itakaa kwenye shati jeupe la mwenzio.

Jik usiiweke hata tone. Klorini haibandui nili, inaivunja, na mahali ilipodondokea panakuwa na doa la njano-nyeupe lisilo na tiba. Sabuni za unga zinazodai kung'arisha nguo nyeupe nazo nyingi zina dawa ya kung'arisha, ziache kwa mashuka.

Kuna wapenzi wa denimu ghafi, yaani jinzi zilizoshonwa bila kufuliwa kiwandani, huko Japani, Ulaya na Marekani, wanaovaa miezi mingi bila kufua. Sababu yao ina mantiki: ukivaa muda mrefu kabla ya kufua, msuguano unarundikana sehemu zilezile, nyonga na nyuma ya goti, na ukija kufua weupe unasimama wazi kando ya bluu iliyokolea. Ukifua mara kwa mara, rangi inaondoka kila mahali kwa pamoja na suruali inakuwa bluu ya kati iliyotulia. Kwa joto la Dar mimi siungi mkono. Jasho na mchanga wa daladala vinakaa kwenye nyuzi, mchanga unasaga pamba ukitembea, na suruali inachanika msambani kabla hata haijapata hiyo michoro mizuri. Ikinuka au ikiwa na vumbi, ifue, ila kwa hiyo njia ya kulaza.

Kabla hujaipeleka kwa fundi kupunguza urefu, jua kama imeshafuliwa au la. Denimu ghafi ni ile iliyotoka kwenye kitambaa ikashonwa bila kufuliwa. Utaijua kwa bluu yake moja isiyo na kivuli, na mishono yake imelala bapa, kingo zake hazijapauka. Kuna ghafi iliyobanwa kiwandani kwa mvuke na mashine isirudi sana, hiyo hupungua labda asilimia 1 hadi 3. Ambayo haikubanwa inaweza kurudi asilimia 7 hadi 10. Tufanye hesabu ya mguu wa inchi 34 kwa ndani: ya kwanza inakuachia inchi 33 au zaidi, ya pili inaweza kuishia inchi 31 kasoro. Mteja mmoja alitaka yake ikatwe 32 papo hapo. Mishono ilikuwa bapa, lebo ya ndani haijakunjamana, nikamwambia tuiloweke kwanza. Tuliizamisha kwenye maji ya uvuguvugu, tukaianika kwa kuitundika, na ilipokauka tukapima: mguu ulikuwa umebaki inchi 31 na nusu. Tungekata 32 kabla haijarudi, angevaa suruali fupi. Angalia pia mshono wa pembeni baada ya kufua, ghafi nyingine hujisokota, mshono unakuja mbele ya goti. Hilo si kosa la fundi, ni kitambaa kinafuata mistari yake ya mshazari.

Jinzi nyingi za mtumba hazina shida hiyo kwa kuwa zilifuliwa kiwandani kabla ya kuuzwa mara ya kwanza. Ule weupe wa mapajani ulipigwa kwa msasa au kwa kupuliziwa pamanganeti, dawa inayopausha nili, na ulaini ukapatikana kwa mawe ya volkano au vimeng'enya vinavyokula nyuzi za juu ya pamba. Ndiyo maana zinapauka taratibu zaidi ukizifua: nili legelege ilishabaki huko kiwandani. Tatizo lake ni jingine. Pamba nayo ililiwa, hivyo jinzi laini yenye weupe mwingi itachanika gotini mapema kuliko ngumu. Iinue kwenye mwanga, ukiona nyuzi nyeupe za upana zimebaki peke yake mahali, hapo panaelekea kutoboka.

Hiyo ya mpira sasa. Humo nyuzi za upana zimeviringishwa juu ya uzi mwembamba wa spandeksi, mara nyingi asilimia 1 hadi 3 kwenye lebo. Inavutika kwa upana, na ikivutika nyuzi za bluu zinaachana, weupe wa chini unachungulia, kwa hiyo usidhani kila weupe wa gotini ni kupauka. Ivue uitazame ikiwa imelala mezani ndipo uhukumu. Adui wa spandeksi ni joto na klorini. Maji moto, mashine ya kukaushia, pasi ya mkaa iliyowaka sana, vyote vinaukata au kuulegeza uzi huo, halafu pamba inabaki imevutika bila wa kuirudisha. Hayo mawimbi uliyoyaona ndiyo hayo. Ukipitisha kiganja ukahisi vinywele vifupi vinavyochoma, uzi umeshakatika, na hakuna kufua kutakakoukaza. Ambayo haijafika hapo, ifue maji baridi, usiining'inize ikiwa na maji mengi kwa kuwa uzito unaivuta, ianike imelazwa, na pasi iwe ya uvuguvugu upande wa ndani.

Mwisho, wengi wakiona imepauka wanaipeleka kupigwa rangi. Rangi za paketi huingia kwenye nyuzi zote, pamoja na za upana na mifuko ya ndani, ila uzi wa kushonea ukiwa wa poliesta unabaki na rangi yake ya chungwa. Ukiwa sokoni, geuza suruali: ndani ikiwa bluu au nyeusi sawa na nje, na mfuko wa ndani nao umeiva, hiyo imepigwa rangi. Lowesha kitambaa cheupe usugue kwenye kiuno, kikitoka cheusi usilipe bei ya jinzi nzima. Yako ngumu usiipeleke huko, bluu yake bado ipo. Ile ya mpira, ukikuta ina vinywele, ikate juu ya goti ufanye bukta.