Kwa anayeanza kazi ya usafishaji: anzia ghubani

Ukipangiwa kitengo cha usafishaji katika manispaa za Dar es Salaam, kilio cha kwanza utakachosikia ni kwamba malori hayatoshi. Usikimbilie kuandika dokezo la kuomba lori jingine. Nenda ghubani kwanza, pale taka za mtaa zinapomwagwa kusubiri lori.

Ghubani ndipo mifuko miwili ya fedha inapokutana. Guta na mikokoteni ya vikundi huleta taka za majumbani, na kazi hiyo huendeshwa kwa ada ya kaya. Kuanzia hapo hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, katika mitaa niliyofanyia kazi, lilikuwa lori la halmashauri linalosubiri mafuta ya bajeti. Kikundi kikichapa kazi zaidi, ghuba linafurika mapema, na lawama zinakiangukia kikundi hichohicho. Wakazi wakiona uchafu, wanagoma kulipa ada.

Tuchukue kata ya mfano inayoleta ghubani tani 14 kwa siku. Lori lako linabeba tani 7, kwa hiyo unahitaji tripu 2. Kupakia kwa mikono kunachukua masaa 2, kwenda na kurudi masaa 3, foleni ya dampo na kumwaga lisaa limoja. Tripu moja ni masaa 6, kwa hiyo mbili zinaingia kwenye siku kwa kubanana. Masika ikifika, njia ya ndani ya dampo inageuka tope, lori moja linanasa na mengine yote yanasubiri nyuma yake. Foleni ikifika masaa 4, tripu ya pili imekufa. Tani 7 zinalala ghubani. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ni tani 35. Lori jipya ungeliongeza kwenye foleni ileile.

Muda unaoweza kuuokoa ni wa kupakia. Mtambo wa kijiko unamaliza kazi ya masaa 2 ndani ya nusu saa. Lori likipakiwa jioni, alfajiri linafika dampo kabla ya msongamano. Na kifusi cha njia ya dampo kidai kabla ya Machi, maana mvua ikishaanza hakuna atakayekisambaza. Uwe pia na namba ya msimamizi wa dampo: bulldoza likiharibika, uwaambie watendaji wa mitaa na vikundi siku hiyohiyo wapunguze kukusanya.

Ukikagua, usisimame mbele ya ghuba. Taka mpya humwagwa mbele na wapakiaji huanza na hizo, kwa hiyo panaonekana pamesafishwa. Zunguka nyuma. Ukikuta tabaka jeusi linalochuruzika maji, hizo zina siku nyingi, hata kama daftari la dereva linaonyesha tripu 2 kila siku. Linganisha daftari hilo na saa zilizoandikwa kwenye stakabadhi za mizani (mizani ikiwa nzima).

Kama mkandarasi analipwa kwa tani, ezeka ghuba kwa mabati. Taka zetu ni maganda na mabaki ya vyakula, tayari zina maji mengi. Zikinyeshewa, unalipia kusafirisha mvua.